Mfuko wa Sembe, Bei ya Gunia na Pengo la Usalama

Wewe unayeanza kusaga sembe hapa Uyole au kwingineko Mbeya, huenda umeshafundishwa kwamba kiwango cha kurudisha gharama hupatikana kwa kugawa gharama zisizobadilika za mwezi kwa kile kinachobaki katika kila mfuko baada ya kuondoa gharama zinazobadilika. Kanuni hiyo ni sahihi. Mimi niliharibu pale nilipokuwa naiandaa namba ya chini, ile ya kugawia.

Gharama zangu zisizobadilika kwa mwezi zilikuwa shilingi 1,500,000: pango 350,000, mishahara ya fundi wa mashine na mlinzi 750,000, uchakavu wa mashine 300,000, na leseni, maji na simu 100,000. Mfuko wa kilo 25 niliuuza kwa 25,000. Gunia la mahindi la kilo 100 lilikuwa 60,000, nami nikajiaminisha kwamba gunia moja linatoa mifuko minne, kwa hiyo mahindi ya mfuko mmoja ni 15,000. Nikaongeza umeme 900, mfuko mtupu 700 na vibarua wa kujaza na kushona 500, ikawa 17,100. Kila mfuko uliniachia 7,900, na mifuko 190 ikaonekana inatosha kurudisha gharama. Mwezi ule niliuza mifuko 240 nikajihesabia faida.

Nilipohesabu magunia stoo, 20 hayakuwapo. Nasema kwa aibu kwamba nilimshuku mlinzi. Ni fundi aliyenivuta hadi kwenye rundo la pumba, akaliweka kwenye mizani, ndipo nikaelewa mahindi yalikokwenda: ukikoboa gunia la kilo 100 kwa mashine kama yangu unapata takriban kilo 75 za sembe, yaani mifuko mitatu na si minne. Mifuko 240 ilikuwa imekula magunia 80, wakati daftari langu lilisema 60.

Hesabu ya kweli basi ni hii. Mahindi ya mfuko mmoja ni 20,000, na gharama nyingine 2,100 zinafanya 22,100. Pumba inayotoka katika mfuko huo, kama kilo 7 hivi, wafugaji huinunua kwa 300 kwa kilo, na fedha hiyo ya 2,100 ninaipunguza kwenye gharama ya mfuko badala ya kuifanya bidhaa ya pili, kwa kuwa hakuna anayekoboa mahindi ili apate pumba. Gharama inayobadilika inabaki 20,000, mfuko unaacha 5,000, na kiwango cha kurudisha gharama ni mifuko 300. Kwa mifuko yangu 240 nilikuwa nimepata hasara ya 300,000.

Baadaye mauzo yalifika mifuko 400 kwa mwezi. Pengo la usalama, yaani mauzo yanayozidi kiwango cha kurudisha gharama, likawa mifuko 100, sawa na asilimia 25 ya mauzo, na faida 500,000. Hapo ndipo wageni wengi hutulia mapema. Asilimia hiyo inakueleza tu ni wateja wangapi unaweza kuwapoteza iwapo bei zote zitabaki zilivyo, na bei ya mahindi haibaki ilivyo: huwa chini baada ya mavuno, kisha hupanda kadiri maghala ya wakulima yanavyokwisha. Faida ya 500,000 ukiigawa kwa mifuko 400 ni 1,250 kwa mfuko, na kwa gunia lenye mifuko mitatu ni 3,750. Gunia likifika 63,750, ongezeko la asilimia 6 na kidogo, faida yote imekwisha hata kama hujapoteza mteja mmoja. Kupandisha bei ya sembe nako ni vigumu, kwani wenye maduka wa Mwanjelwa wataagiza kwa jirani yako siku hiyohiyo.

Msimu uliofuata nilikodi ghala kwa 200,000 kwa mwezi, nikaweka mahindi ya mavuno. Gharama zisizobadilika zilipanda hadi 1,700,000, kiwango cha kurudisha gharama kikawa mifuko 340, na pengo la usalama likashuka kutoka asilimia 25 hadi 15. Kwenye karatasi nilionekana nimejidhoofisha, lakini nilikuwa nimeuza usalama wa wateja, ambao sikuuhitaji sana, nikanunua usalama wa bei ya gunia.

Mtaji haukutosha msimu mzima. Mwezi wa Machi ghala lilikuwa tupu, nikalirudisha kwa mwenyewe na kununua gunia kwa 66,000. Mfuko uliacha 3,000 tu, kiwango cha kurudisha gharama kikaruka hadi mifuko 500, na mauzo yalikuwa bado 400. Niliendelea kusaga, kwa sababu hasara ya mwezi ule ilikuwa 300,000, ilhali kama ningefunga mashine huku gharama zote zisizobadilika zikiendelea, ingekuwa 1,500,000.