Hukumu haina saa, tukio linayo

Mwaka wa kwanza nilipopewa kazi ya kutathmini wasimamizi wa zamu, nilimpa yule wa usiku alama 2 kati ya 5. Wiki tatu kabla, zamu yake ilikuwa imebandika lebo za bidhaa nyingine kwenye maboksi, na mteja alinipigia mimi. Msimamizi aliisoma fomu, akaniuliza taratibu, "Bosi, mbali na lile la lebo, ni lini tena?" Sikuwa na jibu. Kazi yake ya mwaka mzima nilikuwa nimeipima kwa usiku mmoja.

Tangu hapo kila msimamizi ana kurasa zake katika daftari langu. Tukio naliandika siku ileile: tarehe, saa, mashine, nilichokiona au aliyenieleza, msimamizi alifanya nini, ikawaje. "Mzembe" siandiki. Hiyo ni hukumu, na hukumu haina saa.

Chukua tukio la 14 Machi. Saa 8:40 usiku mashine ya kufunga maboksi ilisimama, ikakaa dakika 55. Asubuhi nilifika nimekasirika, kalamu mkononi. Bahati nzuri nilifungua kwanza kitabu cha mafundi: fundi aliitwa saa 8:45, akafika saa 9:20, mashine ikawaka saa 9:35. Dakika 35 zilipotea kwa kumsubiri fundi, ambaye hayuko chini ya msimamizi huyu. Za kwake ni zile 5 za mwanzo, na wakati wa kusubiri aliwahamisha wafanyakazi wanne wakafunge kwa mkono. Yote niliyaandika. Ningeandika tu kwamba kazi ilisimama karibu saa nzima kwenye zamu yake, nisingekuwa nimesema uongo, ila ningemwonea.

Ukishaandika, mwonyeshe mhusika ndani ya siku mbili tatu, naye aandike maelezo yake chini ya yako, hata kama hukubaliani nayo. Jambo la Machi asilisikie kwa mara ya kwanza Desemba, wakati hata yeye hakumbuki tena nani alikuwepo.

Kuna kosa jingine ambalo daftari lenyewe lilinionyesha. Mwisho wa Mei nilihesabu matukio: msimamizi wa mchana alikuwa na tisa, mazuri kwa mabaya. Wa usiku alikuwa na mawili, yote ya hitilafu. Mchana napita kwenye mashine kila saa, lakini habari za usiku zilinifikia pale tu kitu kilipoharibika. Sasa mara mbili kwa mwezi naingia saa 10 alfajiri na kukaa hadi makabidhiano ya zamu. Siku ya kwanza nilimkuta ameshika karatasi ya oda, akilinganisha lebo boksi kwa boksi kabla mzigo haujatoka. Wafanyakazi wake waliniambia hufanya hivyo kila usiku tangu yale maboksi yarudishwe.