Kipandauso chenye aura na vidonge vya majira

"Nina miaka 29. Kabla kichwa hakijaniuma naona vimulimuli vya mikunjomikunjo kwa dakika ishirini. Nimeambiwa naweza kupata kiharusi. Ni kweli?"

Dada, ni kweli kwamba hatari huongezeka takriban maradufu, lakini kwa umri wako hatari yenyewe ni ndogo sana, hivyo hata ikizidishwa mara mbili hubaki ndogo. Vimulimuli hivyo, viitwavyo aura ya kipandauso, hutokana na wimbi la umeme linalotambaa juu ya ubongo kwa milimita chache kila dakika, na nyuma yake mtiririko wa damu hupungua kwa muda. Aidha, kuta za mishipa ya watu wenye aura huelekea kutofanya kazi vizuri, na damu yao huganda kwa wepesi zaidi, jambo linaloweza kuugusa hata moyo.

Aura huwezi kuichagua. Kinachonitia wasiwasi ni vidonge vya majira, iwapo unavitumia, kwa maana vile vyenye estrojeni huongeza kuganda kwa damu, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauviruhusu kwa mwenye aura. Mwombe mhudumu wa uzazi wa mpango kitanzi, kijiti au vidonge visivyo na estrojeni, wala usiache kabla hujapata mbadala. Ukivuta sigara, acha. Shinikizo la damu lipimwe na litibiwe.

Aura huja polepole na kusambaa. Uso ukipinda au mkono ukilegea ghafla, nenda hospitali papo hapo.