Mgonjwa Akiteremka Kitandani, Usimvute kwa Kwapa

Dada mmoja ameniandikia kuhusu mama yake wa kilo 70, ambaye kiharusi kimempooza upande wa kushoto. Akiegemezwa ale uji, haichukui muda ameteremka hadi nyayo zinagusa ubao wa kitanda. Binti humshika kwapani na kumvuta juu peke yake. Sasa kiuno kinamuuma, na mama amechubuka juu kidogo ya mfereji wa makalio.

Dada, mavuto hayo ndiyo yanayowaumiza nyote wawili. Ukimvuta, ngozi inang'ang'ania shuka huku mfupa ukisogea ndani; mishipa midogo ya damu iliyo katikati inanyongwa na nyama inakosa damu. Na bega lililopooza halina misuli ya kulishikilia, linateguka upesi.

Tafuta mtu wa pili. Kunja shuka nene mara mbili, ulitandike chini yake kutoka mabegani hadi katikati ya mapaja. Ondoa mito, mlaze tambarare. Kumpandisha akiwa ameegemea ni kama kumvuta mlimani. Kila mmoja asimame upande wake, usawa wa nyonga za mama, na kuviringisha ukingo wa shuka hadi karibu kabisa na mwili wa mama. Mguu mmoja mbele kuelekea kichwani, magoti yamelegea. Mama akunje goti la kulia na kuinamisha kidevu kifuani. Hesabuni hadi tatu, kisha hamishieni uzito wenu kwenye mguu wa mbele. Mikono inashika tu. Kitanda kikiwa chini ya nyonga zenu, kiinueni kwa matofali imara, yenye kutulia. Vinginevyo mgongo utapinda tu.

Ili asiteremke tena, weka mto chini ya mapaja na magoti kabla ya kuinua kichwa. Muda wa kula ukipita na chakula kikishatulia, mshushe hadi nyuzi 30 au chini.

Kumlaza ubavu mzima nako kunagandamiza mfupa wa nyonga. Mwinamishe nyuzi 30 tu, mto ukiwa nyuma ya mgongo na makalio, kisha pitisha kiganja chini ya ule mfupa wa juu ya makalio: ukipita bila kubanwa, umepatia. Anapolala chali, mto ukae chini ya mashavu ya miguu, visigino vielee. Mgeuze kila baada ya saa 2, ila asilalie sehemu iliyochubuka. Kama umemwekea chini tyubu ya tairi au glavu za maji, tupa. Hukata damu kuzunguka pale pale unapotaka kupaokoa.

Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Gusa na ulinganishe na ngozi ya jirani: pakiwa pa moto, pagumu au pamebonyea kama uji, mgandamizo umeshaumiza. Usipasugue. Mchubuko wa mama tayari ni kidonda, auone muuguzi wiki hii. Kikitoa usaha, harufu au kikileta homa, nendeni leo.