Urefu wa nguzo za histogramu na mediani pale makundi yanapokuwa na upana tofauti

Swali: "Wakuu, naombeni msaada. Nimepiga picha jedwali la muda kwa dakika na marudio yake, ila mstari wa tatu hausomeki vizuri, sijui ni 13 au 18. Histogramu nimeichora kwa kutumia marudio yenyewe, naambiwa si sahihi. Mediani nimepata 25, majibu yanasema 21. Nimekosea wapi?"

Ndugu yangu, tuanze na ile namba yenye ukungu, kwa kuwa hesabu zote zinazofuata zinaitegemea. Chini ya picha yako jumla ya 80 inasomeka bila shida. Ukijumlisha marudio ya mistari mitano iliyo wazi, yaani 8, 12, 20, 16 na 6, unapata 62, kwa hiyo mstari wa tatu unabeba 18. Kama ungeichukua kuwa 13, jumla ingekuwa 75 na mediani ingetoka 22.25, jibu ambalo linaonekana la kawaida kabisa na lisingekushtua. Katika kusahihisha mazoezi ya takwimu yanayotumwa kwa picha, nimezoea kutogusa kalamu kabla sijahakikisha mambo mawili: kwamba marudio yanafikia jumla iliyoandikwa, na kwamba idadi ya makundi ni sawa na idadi ya marudio. Picha iliyopigwa kwa kuinamisha simu huifanya namba ya mstari mmoja ionekane imekaa mbele ya kundi la mstari unaofuata, na kosa la namna hiyo halibadilishi jumla hata kidogo, ndiyo maana hatua ya kwanza peke yake haitoshi.

Jedwali lako likisomwa sawasawa liko hivi, na safu mbili za mwisho nimeziongeza mimi:

| Muda (dakika) | Marudio | Upana | Msongamano |
|---|---|---|---|
| 0–10 | 8 | 10 | 0.8 |
| 10–15 | 12 | 5 | 2.4 |
| 15–20 | 18 | 5 | 3.6 |
| 20–30 | 20 | 10 | 2.0 |
| 30–50 | 16 | 20 | 0.8 |
| 50–80 | 6 | 30 | 0.2 |

Msongamano wa marudio ni marudio yaliyogawanywa kwa upana wa kundi, na hapa unatuambia ni vipimo vingapi vinaangukia katika kila dakika moja ya kundi hilo. Huo ndio urefu wa nguzo. Sababu yake ni kwamba katika histogramu jicho husoma eneo la nguzo, si kimo chake pekee, na eneo ni upana mara urefu. Kwa hiyo ukitaka eneo liwe sawa na marudio, huna budi kugawanya kwanza. Angalia mchoro wako wa awali ulisema nini. Kundi la 50–80 lenye vipimo 6 ulilipa kimo cha 6 juu ya upana wa 30, likachukua eneo la 180, ilhali kundi la 15–20 lenye vipimo 18 lilipata 18 mara 5, yaani 90. Mtu anayeutazama mchoro huo ataamini kwamba waliochukua muda mrefu ni mara mbili ya wale wa kundi la 15–20, wakati ukweli ni kwamba wao ni theluthi moja tu ya hao.

Ukichora upya, utaona kwamba nguzo ndefu kuliko zote ni ya 15–20, ingawa kundi lenye marudio mengi zaidi ni la 20–30. Wanafunzi wengi wakifika hapo husita na kudhani wamekosea. Hakuna kosa: vipimo 18 vimebanana ndani ya dakika 5, na vile 20 vimetawanyika ndani ya dakika 10. Utaona pia kwamba nguzo ya kwanza na ya tano zina kimo kimoja cha 0.8, lakini ya tano ni pana mara mbili, nayo inabeba marudio mara mbili. Kwenye mhimili wima andika "msongamano wa marudio", usiandike "marudio". Ukikuta mahali pengine nguzo za data hiihii zina vimo vya 4, 12, 18, 10, 4 na 1, usibabaike, kwa maana mchoraji amehesabu marudio kwa kila dakika 5 badala ya kwa kila dakika moja. Umbo la mchoro ni lilelile, mradi mhimili umeandikwa hivyo.

Sasa mediani. Nusu ya 80 ni 40. Marudio limbikizi yanakwenda 8, 20, 38, 58, 74, 80, kwa hiyo kipimo cha 40 kimo ndani ya kundi la 20–30. Naona hadi hapo ulikwenda vizuri, kisha ukachukua katikati ya kundi hilo, ndipo ikatoka 25. Lakini kabla ya kuingia kundi hilo tumeshahesabu vipimo 38, hivyo tunahitaji 2 tu kati ya 20 vilivyomo, nayo ni sehemu ya kumi ya kundi. Sehemu ya kumi ya upana wa dakika 10 ni dakika 1:

```
20 + (40 - 38)/20 × 10 = 21
```

Histogramu yenyewe inakuwezesha kulihakiki jibu hilo, kwa sababu mediani ni mahali ambapo mstari wima hugawa eneo lote katika nusu mbili zilizo sawa. Kushoto kwa 21 kuna 8, 12, 18, na kipande cha upana wa 1 chenye kimo cha 2.0, jumla 40. Kulia kuna kipande cha upana wa 9 chenye kimo hichohicho, yaani 18, kisha 16 na 6, nayo ni 40. Ukiupitisha mstari penye 25, kushoto unapata 48 na kulia 32. Wengine hutumia kipimo cha 40.5 badala ya 40, na jibu lao huwa 21.25, mimi hushika 40 kwa data iliyokwishapangwa katika makundi, maana ndiyo inayoafikiana na mgawanyo wa eneo.

Kumbuka kwamba 21 ni makadirio. Tumechukulia kuwa vipimo 20 vya kundi hilo vimetawanyika kwa usawa kuanzia 20 hadi 30, jambo ambalo jedwali halituthibitishii. Lenye uhakika ni kwamba mediani halisi haitoki nje ya kundi hilo. Kwa kuwa jirani wa kushoto ana msongamano wa 3.6 na wa kulia 0.8, ningetarajia vipimo vya kundi hili viegemee upande wa 20, na mediani halisi iwe chini kidogo ya 21.

Jambo la mwisho linahusu mipaka. Katika jedwali lako kundi moja linaishia pale linalofuata linapoanzia, hivyo upana unapatikana kwa kutoa tu. Ukikutana na makundi yaliyoandikwa 10–14 na 15–19 kwa vipimo vilivyokadiriwa hadi namba nzima iliyo karibu, mipaka halisi ya kundi la kwanza ni 9.5 na 14.5, na upana wake ni 5, si 4. Kama ni umri kwa miaka iliyotimia, kundi hilo linaanzia 10 na kufika mpaka wa 15. Upana ni uleule wa 5, ila mwanzo wake umesogea kwa nusu, na mediani itasogea kwa nusu vilevile.