Hesabu zinafunga, fedha hazipo: maswali ya wafanyabiashara wa Nyanda za Juu Kusini

Nauza pembejeo kwa jumla Uyole. Kila jioni fedha ya keshia inalingana na daftari, na benki inalingana pia. Lakini mteja wangu wa Chimala anasema alishamaliza deni, na kwenye leja yangu bado anadaiwa. Tatizo liko wapi kama hesabu zinafunga?

Inawezekana malipo ya mteja mmoja yanatumika kuziba pengo la mwingine. Tuchukue mfano wa maduka matatu uliyoyapa mbolea kwa mali kauli.

Juni 3, mwenye duka wa Igurusi analeta taslimu Sh 1,200,000. Keshia anampa risiti, fedha anaiweka mfukoni, na kwenye leja haandiki kitu. Juni 10, Chimala analeta Sh 1,500,000. Keshia anaandika kwamba Igurusi amelipa 1,200,000 na Chimala amelipa 300,000. Juni 17, Rujewa analeta Sh 2,000,000. Inaandikwa 1,200,000 kwa Chimala na 800,000 kwa Rujewa. Sasa pengo limehamia Rujewa, naye atasubiri mteja anayefuata.

Angalia Juni 10: zimepokelewa 1,500,000, zimeandikwa 1,500,000, zimepelekwa benki 1,500,000. Ndiyo maana ulinganisho wa jioni na wa benki haugundui chochote. Jumla ni ya kweli. Uongo uko kwenye jina na tarehe. Mteja wako wa Chimala alipiga simu kati ya Juni 10 na 17, kabla zamu yake ya kuzibiwa haijafika. Angepiga wiki moja baadaye angeambiwa "samahani, ilichelewa kuingizwa", na leja ingeonyesha hivyo hivyo.

Usianze na jumla. Chukua risiti aliyobaki nayo mteja, usome vitu vitatu: jina, kiasi, tarehe. Kisha vitafute kwenye leja. Alama ya wazi ni malipo ya mara moja yaliyoingizwa vipande viwili, kipande kimoja kwa mtu mwingine, au malipo yanayoingia siku saba hadi kumi baada ya tarehe ya risiti, na si kwa mteja mmoja tu. Kwa waliolipa kupitia benki au lipa namba kazi ni nyepesi zaidi, kwa sababu taarifa ya miamala ina jina la mlipaji. Ukiona muamala wa Chimala wa 1,500,000 na siku hiyo leja imempunguzia deni Igurusi, umefika penyewe. Fananisha pia risiti ya mteja na nakala iliyobaki kitabuni. Kama namba ya risiti yake haimo kwenye vitabu ulivyonunua wewe, kuna kitabu cha pili.

Nimewaza kuwapigia wateja wote kuuliza madeni yao. Nifanyeje ili keshia asijipange?

Wapigie wote siku moja, bila taarifa, na namba za simu uzitoe kwenye kumbukumbu zako mwenyewe. Orodha ya simu aliyoiandaa keshia inaweza kuwa na namba ya ndugu yake. Kabla ya kupiga, piga picha kurasa zote za leja ya wadaiwa au chapisha salio za tarehe hiyo, ili zisibadilike wakati unaendelea. Usimwambie mteja "unadaiwa 1,200,000, ni kweli?" Wengi watakubali haraka wamalize simu. Muulize mara ya mwisho alilipa lini, kiasi gani, na anaona kimebaki kiasi gani.

Msimu nao una maana kubwa kwetu huku. Mbolea inatoka kwa mkopo Novemba na Desemba, malipo yanafurika mahindi yakishavunwa, Juni na Julai. Mzunguko huu unaishi kwa fedha mpya, kwa hiyo fedha ikiwa nyingi pengo halionekani. Malipo yakikauka, mhusika hana cha kuzibia, ndipo yanapotokea maandishi ya ajabu: mteja anayelipa vizuri anaandikiwa "deni baya", anapewa punguzo usilolijua, au mifuko "iliyorudishwa" ambayo mtunza stoo hakuipokea. Kila ingizo linalopunguza deni bila fedha kuingia tunashauri liwe na saini yako wewe, na la kurudisha mzigo liwe na saini ya stoo pia.

Nina kiwanda kidogo cha mbao Mafinga. Nahisi kuna msambazaji hewa kwenye malipo yangu. Nimjueje?

Panga ankara zake zote mezani kwa tarehe. Kama ya Machi ni namba 041, ya Aprili 042 na ya Mei 043, basi mteja wake ni wewe peke yako. Angalia anachouza: msambazaji hewa hupenda usafiri, kupakua na matengenezo, kwa sababu hakuna mzigo wa kuhesabu stoo. Kisha linganisha namba ya simu au akaunti anayolipwa na zile za wafanyakazi wako.

Risiti ya EFD ihakiki kwenye verify.tra.go.tz kwa namba ya uhakiki iliyochapwa juu yake. Lakini usiishie hapo. Risiti halali inathibitisha kwamba risiti ipo, haithibitishi kwamba mzigo ulifika. Na kukosa EFD peke yake si ushahidi, maana kibarua wa kupakia hana mashine. Kipimo kizuri ni mzigo wenyewe. Ankara ikisema mifuko 300 ya kilo 50 imeletwa kwa Kanta, safari moja, hizo ni tani 15, na Kanta haibebi hivyo. Rudi kwenye daftari la mlinzi getini, utafute namba ya gari siku hiyo.

Nina karani mmoja tu, hapa Makambako. Anapokea fedha, anaandika na kupeleka benki. Siwezi kuajiri wa pili.

Basi kazi ya pili ifanye wewe. Ujumbe wa benki na wa lipa namba uje kwenye simu yako, na mara moja kwa wiki chagua malipo matano uyafuate kuanzia risiti hadi jina kwenye leja.

Halafu mpe likizo yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 28 mfululizo kwa mwaka. Kuzungusha malipo kunahitaji mtu awepo kila siku, kwa hiyo karani anayekataa likizo miaka miwili na anayetaka simu za wadaiwa zipite kwake tu anastahili kuangaliwa kwa karibu. Wakati hayupo, apokee mtu mwingine, na leja ibaki ofisini.

Nimethibitisha. Malipo yaliyohamishwa kwa majina yasiyo yao nimeyajumlisha, yanafika Sh 8,400,000. Ndiyo hasara yangu?

Hapana. Kwenye mfano wa kwanza, 1,200,000 ile ile imehama mara mbili. Ukijumlisha kila uhamisho utapata 2,400,000, wakati kilichoibwa ni 1,200,000. Chagua tarehe moja. Kwa kila mteja, toa deni analolikubali kwa risiti kwenye deni la leja, kisha jumlisha tofauti hizo. Ongeza punguzo, "madeni mabaya" na marejesho yaliyothibitika kuwa ya uongo, kwa kuwa hayo yameshafutwa kwenye leja na hayataonekana kwenye tofauti.

Msikilize mhusika akiwa na nakala za maandishi mbele yake kabla ya kuamua lolote. Kosa la kuandika jina hutokea mara moja na halifuatiwi na malipo ya mtu mwingine yanayolirekebisha kwa kiasi kile kile.