Chuchumaa ukitaka, lakini acha kusukuma

*"Nikienda haja kubwa nakamua mpaka jasho linanitoka. Nimeambiwa kosa ni choo cha kukaa, nichuchumae na kusukuma kwa nguvu mpaka kitoke chote. Nichuchumae kwa muda gani? Kigoda kiwe na urefu gani?"*

Mkuu, hapo kwenye "kusukuma kwa nguvu mpaka kitoke chote" simama kabisa. Maneno hayo hayo niliyapata kwenye video ya jamaa mmoja aliyevaa koti jeupe, sijui alilitoa wapi, na yakanifikisha mahali ambapo kila nikitoka chooni nilikuwa narudisha kinyama ndani kwa kidole. Cheka, mimi nilishamaliza kucheka.

Kuchuchumaa kwenyewe hakuna ubaya. Mwisho wa utumbo mpana kuna msuli unaouzunguka kwa nyuma kama kitanzi na kuuvuta mbele, ndiyo maana njia ina kona na hujichafui ukiwa umesimama. Ukikaa, kona inanyooka kidogo tu. Ukichuchumaa inanyooka zaidi: Wajapani waliipima wakakuta wastani wa digrii 100 hivi kwa aliyekaa na 126 kwa aliyechuchumaa. Utafiti mwingine wa 2003, wa watu 28 wenye afya, ulikuta waliochuchumaa wanamaliza kwa wastani wa sekunde 51, na waliokaa kwenye choo cha kawaida sekunde 130. Hapo hapo umejibiwa la muda. Faida ya mkao huu inaonekana ndani ya dakika moja au mbili. Ukimaliza robo saa umechuchumaa, unachopata ni miguu kufa ganzi.

Sasa kilichoniponza. Yule wa video alisema "chuchumaa, bana pumzi, sukuma." Ukibana pumzi na kukaza tumbo, mgandamizo unashuka chini na damu inajaa kwenye mishipa ya njia ya haja kubwa. Ukirudia kila siku, mishipa ile inavimba na vishikizo vyake vinalegea. Nilianza kuona damu nyekundu mbichi kwenye karatasi, nikajiambia ni mchubuko. Halafu kinyama kikawa kinatoka na kurudi chenyewe, mwishowe kikagoma kurudi. Bawasiri hiyo. Na mimi, mwanafunzi mtiifu, nilivyoona mambo magumu nikazidi kusukuma!

Daktari aliponipima aliingiza kidole akaniambia, "Sukuma kidole changu kitoke nje." Nikasukuma kwa moyo wote. Akasema, "Ndugu, unakibana." Siku zote nilidhani nasukuma, kumbe nakaba mlango huku nalalamika kwamba haufunguki. Watu wengi wako hivyo bila kujua, na mkao wowote ule hauwezi kuwasaidia kwa sababu kile kitanzi wanakikaza wenyewe. Jaribu hapo ulipo: bana pumzi, sukuma kidogo, usikilize huko chini. Kukipanda na kufunga, wewe ni mwenzangu. Kukishuka na kulegea, una nafuu.

Mimi nilifungwa mpira kwenye shina la kile kinyama kikanyauka na kudondoka. Ukikaa baada ya hapo unajua maana ya kiti.

Kwa hiyo kanuni ni moja tu: usiende mpaka haja ikuite, na ikikuita usibane pumzi. Weka miguu kwenye kigoda cha sentimita 20 hivi, magoti yapite usawa wa nyonga, inama mbele, viwiko juu ya mapaja. Acha tumbo litoke nje, usilivute ndani. Fungua mdomo, toa pumzi taratibu, "haaa", na hapo ndipo unasindikiza kidogo kwa tumbo. Kukiwa kimya kwa dakika tano, inuka, vaa, ondoka. Simu ibaki nje. Haja itarudi, mara nyingi baada ya kula, kwa sababu tumbo likijaa utumbo mpana huamka. Na usithubutu kupanda juu ya bakuli la choo cha kukaa. Likivunjika linakata vibaya.

Halafu angalia unachotoa. Kikiwa vigololi vikavu, shida yako siyo kona. Hata uchuchumae vipi, kigumu ni kigumu. Hapo ni maji, mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa, na nyuzinyuzi uziongeze polepole usije ukajaa gesi. Kikiwa laini na bado unakamua, rudi kwenye lile jaribio la kusikiliza huko chini. Kuna mazoezi ya kufundishwa upya jinsi ya kulegeza ule msuli, na yanasaidia kuliko dawa ya kulainisha choo. Ukiona damu, hata hiyo nyekundu mbichi, usijipe jibu la mchubuko kama mimi, nenda ukapimwe. Ikiwa nyeusi au imechanganyika na choo, au unakonda bila sababu, nenda leo.