Kushika glasi yenye povu

"Kama kompyuta ilimshinda bingwa wa sataranji zamani, kwa nini roboti bado zinahangaika kuosha vyombo?"

Ndugu, mwaka 1997 kompyuta iitwayo Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa kupima takriban hali milioni 200 za ubao kila sekunde, lakini aliyesogeza kete zake mezani alikuwa binadamu. Ubao una miraba 64 na kanuni zisizobadilika, kwa hiyo mashine ilikuwa na kila taarifa iliyohitaji.

Glasi yenye povu la sabuni haitoi taarifa hizo. Kamera haioni msuguano, na vidole vikishaifunika glasi, haioni hata pale vinapogusa. Wewe ukiishika ikaanza kuteleza, ngozi ya ncha za vidole huhisi mtetemo mdogo mno, na mkono hukaza ndani ya takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, kabla hujatambua. Roboti isiyo na hisi hiyo hukisia tu: ikibana kidogo, glasi inaponyoka, ikizidisha, inapasuka.

Kwa hiyo ukionyeshwa video ya roboti ikiinua glasi kavu iliyowekwa palepale kila mara, uliza kwanza kama imejaribiwa na glasi iliyolowa na kusogezwa kidogo, kwa sababu hapo ndipo nyingi hukwama.